Karatasi Sabini na Moja za Gharib

Gharib bin Kamaludin alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nilikaa naye meza moja miaka kumi na minane katika afisi ya wakili Rustamji, Ndia Kuu, na simjui mtu mwingine niliyempenda kama yeye wala aliyenipandisha mori kama yeye. Ukimpa barua aiweke, haiweki mpaka akuulize kwanza: "N'iweke wapi, Taib? Kwa jina la mtu, kwa mwaka, au kwa jambo?" Iweke popote, ewe mja wa Mungu, ni barua tu! Lakini kwa Gharib hakukuwa na mahali panapoitwa popote.

Babake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Kibokoni, na yeye alikua baina ya vitabu vya sheria vya Kiarabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Mimi nilikuwa kinyume chake: Kiingereza changu kilinyooka, na mashine ya kupiga chapa niliiendesha mpaka majirani wakalalamika. Bwana Rustamji, Mparsi mwenye haraka zake, alikuwa akisema kwamba sisi wawili tukichanganywa tunatoa karani mmoja mzuri. Mshahara lakini alitulipa kama nusu nusu.

Basi mwaka wa 1943, vita vimepamba moto na Kilindini imejaa manowari, alikuja afisini Bi Khairiya.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunika buibui lake, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukaa. Jambo lake lilikuwa hili. Mamake, marehemu Bi Mwanatumu, alimpa nyumba ya mtaa wa Kuze kwa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, si urithi. Aliwaita mashahidi wawili, akamkabidhi shada la funguo, akachukua kasha lake na godoro lake, akahamia kwa dadake. Siku nne tu. Dadake akaugua, nyumba ikawa na wauguzi tele, na Bi Mwanatumu akarudi Kuze kwa binti yake. Akakaa pale miaka saba, mpaka akafa. Arubaini haijatimia, Aidarus, kakake Khairiya, akaenda mahkamani kwa kadhi: hiba ni batili, mama hakuitoa nyumba mkononi mwake, alikaa humo mpaka kufa, basi nyumba ni ya urithi na iuzwe.

Na mahkama ilimpa haki Aidarus. Wakili wake alitaja mashauri sita ya zamani ambayo mtoaji alikaa nyumbani mpaka akafa, na yote sita hiba ilibatilika. Khairiya hakuwa na hata moja la kujibu.

"Sina mahali pengine," alisema Khairiya. "Mama alinipa kwa mkono wake. Nikitolewa, si mimi peke yangu niliotolewa. Na neno lake limetolewa."

Rustamji alifungua rufani mbele ya jaji. Siku ya kusikilizwa ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. Akatuita.

"Wenzetu wana mashauri sita," akasema. "Mimi nataka yote. Kila shauri la hiba ya nyumba lililoamuliwa Mombasa tangu daftari za kwanza. Yaliyosimama, yaliyobatilika, na kwa nini. Jaji hawezi kusoma daftari thelathini za herufi za Kiarabu. Mpeni kitu cha kurasa sita ambacho akikisoma ni kama amezisoma zote."

Nilimtazama Gharib. Uso wake uling'aa kama wa bwana arusi. Pale pale nikajua kwamba siku zangu kumi na mbili zimekwenda na maji.

Tulianza kesho yake asubuhi katika chumba cha daftari cha mahkama, chenye dirisha moja na vumbi la miaka thelathini na tano. Gharib alitaka kila shauri liwe na karatasi yake: namba, mwaka, nani alimpa nani, alifanya nini baada ya kutoa, hukumu ilikuwaje, na sababu, kwa maneno ya kadhi mwenyewe, na ukurasa. Karatasi zenyewe ziko wapi? Vita vilikuwa vimezimeza. Rafiki yetu Nicanor, karani wa bandarini, alituletea fomu za zamani za mizigo ambazo nyuma ni tupu, tukazikata vipande vidogo vya kiasi cha kiganja.

Na hapa lazima nikiri kosa langu, maana wote waliohusika wangali hai na watanisuta. Nilimwambia Gharib, "Bwana, karatasi haba na siku haba. Sababu za nini? Tuandike kilichotokea na hukumu, basi. Imesimama au imebatilika. Jaji ataka kujua hilo tu." Alisitasita, akauma mdomo, lakini mimi nilikuwa na ulimi mkali na yeye alikuwa na heshima. Akakubali. Kwa siku tano tukaandika hivyo, mimi nikijiona mjanja wa mji mzima.

Siku ya sita, Jumapili, tulikuwa na karatasi sabini na moja. Tulizipeleka nyumbani kwake tuzipange sebuleni, mkewe Mwanaesha akatutandikia mkeka. Tukatia mafungu mawili. Huku zilizosimama, huku zilizobatilika. Upepo wa dirishani ukaanza kuzirusha, Mwanaesha akaleta kikapu cha ndimu akaweka ndimu juu ya kila fungu.

Tukahesabu. Zilizosimama, ishirini na tano. Zilizobatilika, arubaini na sita.

Moyo ulinishuka. Tulikuwa tumejitengenezea kitanzi kwa mikono yetu. Wenzetu walikuja na sita, sisi tunawaongezea arubaini! Gharib akaitazama mikono yake.

Mwanaesha alikuwa mtu wa kusoma. Alifundishwa na baba mkwe wake mwenyewe, na herufi za Kiarabu alizisoma kwa kasi kuliko mimi. Alichukua karatasi moja kutoka fungu kubwa, akasoma kwa sauti. Akachukua moja kutoka fungu dogo. Akazirudia zote mbili.

"Hebu tizameni," akasema. "Huyu mama, alikaa mumo kwa mumo mpaka kufa, ikabatilika. Na huyu naye alikaa mpaka kufa, ikasimama. Sasa iliyobatilisha ni kukaa, au ni kitu chengine?"

Gharib aliruka kutoka mkekani, ndimu zikatawanyika.

"Ziko ngapi?" akapiga kelele. "Zilizosimama na mtoaji alikaa mpaka kufa, ziko ngapi?"

Tukazipekua sote watatu kwa magoti. Kumi na moja! Kumi na moja kati ya zile ishirini na tano, mtoaji alikufa ndani ya nyumba aliyoitoa, na hiba ikasimama. Basi lile neno la wenzetu, kwamba aliyekaa hakutoa, halikuwa kweli. Palikuwa na kitu kingine kilichozitenga, na kitu hicho kilikuwa katika sababu.

Na sababu hatukuziandika.

"N'ani aliosema sababu za nini?" aliuliza Mwanaesha, akijua vizuri sana ni nani.

Gharib hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo liliniuma zaidi. Alizikusanya karatasi zote, akazifunga kwa uzi. "Twarudi mahkamani kesho," akasema. "Daftari zote, tangu mwanzo."

Nani atasahau siku tatu zile? Tuliingia chumba kile mlango ukifunguliwa na kutoka mlango ukifungwa. Mimi niliyekuwa naona kazi ile ni ya wazimu, sasa nilikuwa nikimpokonya daftari mkononi. Kila sababu tuliyoisoma ilipata jina lake, na kila jina likapata fungu lake, na mafungu yale mawili ya kijinga yakaanza kupasuka mbele ya macho yetu. Niliona raha, wallahi, raha ambayo sikuipata hata siku ya arusi yangu, na mke wangu nimeshamwambia.

Arubaini na sita zilizobatilika hazikuwa kitu kimoja. Ishirini na nne, mtoaji hakutoka nyumbani hata siku moja, alitamka tu kisha akaendelea kulala pale pale. Na yale mashauri sita ya wenzetu yalikuwa humu yote, hata moja halikukosekana! Tisa, hakukupatikana mashahidi wa kutosha kwamba maneno ya hiba yalisemwa. Sita, mtoaji alikuwa katika maradhi ya kufa nayo, na warithi wengine hawakukubali. Sita nyingine kadhi aliandika hukumu bila ya kutaja sababu. Mimi nilitaka tuziache. Gharib akasema, "La. Tutaziandikia fungu lao, tuseme wazi kwamba hazimsaidii mtu yeyote." Hizo ni arubaini na tano.

Zilizosimama nazo zikagawika. Kumi, mtoaji alihama moja kwa moja asirudi. Nne, baba alimpa mwanawe mdogo akampokelea yeye mwenyewe kwa kuwa ndiye walii wake, yaani msimamizi wake. Na kumi na moja zetu tamu: mtoaji alitoka na vitu vyake, akakabidhi funguo, kisha akarudi kukaa kwa ruhusa ya aliyepewa. Makadhi watano mbalimbali, miaka thelathini na tano, na sababu ile ile: kukabidhi kulitimia siku aliyotoka, na aliyerudi alirudi mgeni.

Shauri la Khairiya, lenyewe hasa! Nilitaka kumkumbatia mlinzi wa daftari.

Lakini umeshahesabu, msomaji, kama Gharib alivyohesabu. Ilibaki karatasi moja.

Lilikuwa shauri la mwaka wa 1926. Mama alimpa binti nyumba, akatoka, akakabidhi, akarudi, akakaa mpaka kufa. Kila kitu kama Bi Mwanatumu. Na hiba ikabatilika.

Tulimpelekea Rustamji siku ya tisa jioni, na yeye hakupoteza wakati. Aliisoma karatasi ile kwa tafsiri yangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Sabini," akasema. "Tuna mashauri sabini."

"Ni sabini na moja, Bwana," akasema Gharib.

"Gharib, hawa wenzetu hawajasoma daftari. Hawalijui shauri hili. Wataka niwapelekee kisu nikiwa nimekishika upande wa makali?"

Sasa nisikilize vizuri. Katika miaka kumi na minane sikupata kumsikia Gharib akipaza sauti mbele ya mkubwa wake. Siku ile alisimama, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

"Bwana, ukitoa moja, zote si kitu tena! Jaji atatuamini vipi kwa hizo kumi na moja, ikiwa ya kumi na mbili tumeificha mfukoni? Mimi sikuandika maneno ya kumpendeza mtu. Niliandika yaliyoamuliwa. Shauri linalotuuma ndilo la kwanza kuandikwa!"

Rustamji akatia mkono mfukoni. Kisha Gharib akanyoosha mkono. "Nipe, tafadhali. Nikusomee sababu yake. Taib amekutafsiria hukumu, sababu hajafika."

Ni kweli, karatasi ile aliiandika yeye, na mimi sikuwa nimefika chini. Haraka yangu tena. Rustamji akaitoa karatasi, na Gharib akasoma maneno ya kadhi yule wa 1926, polepole, na mimi nikayageuza Kiingereza neno kwa neno:

"Aliporudi, aliweka chumba kimoja chini ya kufuli, na ufunguo ukawa kiunoni mwake. Akitoka na kuingia apendavyo. Hakupiga hodi wala hakungoja karibu. Basi huyu hakurudi mgeni, alirudi mwenye nyumba, na kukabidhi kwake kulikuwa kwa ulimi."

Hodi. Neno lile lilinigonga. Nililiona mahali. Mimi ndiye niliyepiga chapa ushahidi wote wa shauri la Khairiya kwa ajili ya rufani, kurasa hamsini na tatu, na niliupiga kama ninavyopiga kila kitu, vidole vinakwenda na akili iko sokoni. Nilikimbilia kabati, nikatoa faili, nikaanza kurusha kurasa.

"Watafuta nini?" Gharib akauliza.

"Charo!" nikasema. "Mzee Charo seremala!"

Charo alikuwa na karakana inayoelekeana na mlango wa nyumba ile ya Kuze. Alikuwa shahidi wa Aidarus, si wetu. Aliletwa kuthibitisha kwamba bibi alikaa pale miaka yote saba, na akathibitisha. Kisha, kama kawaida ya mtu aliyepewa nafasi ya kusema mbele ya watu, akaongeza yake. Nikaupata ukurasa wa thelathini na nane, nikausoma huku pumzi zinanikata:

"Yule bibi akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Tangu aliporudi kutoka kwa dadake, kila akija kutoka sokoni au msikitini kwa mawaidha, husimama nje ya mlango akapiga hodi. Hata jua kali haingii, mpaka binti aseme karibu. Mlango u wazi! Nyumba yake mwenyewe! Sisi mtaani tulikuwa tukimcheka."

Rustamji alikaa chini. Gharib aliufunika uso kwa viganja, na nilipomtazama nikaona mabega yanacheza. Alikuwa akilia.

"Hakuwa mwendawazimu," akasema. "Alikuwa akijua sheria. Miaka saba yuwasimama juani, ili mwanawe asije akanyang'anywa."

Nilipiga chapa usiku na mchana, kurasa saba. Juu ya kila fungu tuliandika sababu, chini yake mashauri kwa mwaka, kila moja na namba na ukurasa wake ili mwenye shaka akafungue daftari mwenyewe. Shauri la 1926 tuliliweka peke yake, na sababu yake tuliinakili kamili bila ya kufupisha hata neno.

Siku ya rufani mahkama ilijaa. Jaji alikaa juu, na kando yake mwanachuoni wa sheria wa kumshauri. Gharib na mimi tulisimama nyuma karibu na mlango, na mkono wake ulikuwa umenishika kanzu. Rustamji alisema maneno machache, akatoa kurasa saba, nakala moja kwa jaji, moja kwa mwanachuoni, moja kwa wenzetu.

Wakili wa Aidarus hakuigusa yake. Alisimama akitabasamu. Kumbe naye alikuwa ametuma mtu kwenye daftari baada ya kusikia kwamba sisi tunashinda huko! "Bwana Jaji," akasema, "mwenzangu amekuletea orodha nzuri ya mashauri yampendezayo. Hakukuambia, naona, habari ya shauri moja la mwaka wa 1926."

Nikafikiria ule mfuko wa koti.

Jaji hakuinua hata kichwa. "Liko ukurasa wa nne," akasema. "Nimelisoma. Umesoma sababu yake?"

Wakili yule akafungua kurasa zetu kwa mara ya kwanza. Yule mwanachuoni aliinama akamnong'oneza jaji, jaji akauliza swali moja tu: kuna ushahidi gani wa namna bibi alivyokuwa akiingia nyumbani? Rustamji akasoma ukurasa wa thelathini na nane. Mzee Charo, aliyekuja kutazama tu, aliketi kwenye benchi la nyuma akijikuna kichwa.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Hiba imesimama. Aliyetoka, akakabidhi, kisha akarudi akapiga hodi kwa miaka saba, alirudi mgeni. Jaji alitaja mashauri kumi na mawili kwa namba zake, kumi na moja na lile moja, na alisema ni nadra kuletewa kazi inayoonyesha pande zote mbili kwa uaminifu hivyo. Jina la Gharib hakulitaja, kwa sababu hakuna jaji anayelijua jina la karani. Nilikasirika kwa niaba yake siku tatu. Yeye alichukua kipande cha fomu ya bandari, akaandika shauri la Khairiya, namba sabini na mbili, na sababu yake, akalitia mahali pake.

Jioni ya siku ile ya hukumu tulikwenda Kuze kumpelekea Khairiya nakala yenye muhuri. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaketi ukumbini tukipewa kahawa na kaimati. Khairiya aliishika karatasi ile kwa mikono miwili bila ya kuifungua. Alituuliza ni kweli kwamba mamake ameandikwa humo. Gharib akamwambia ni kweli, na kwamba watoaji wengine kumi na mmoja pia.

Hapo tukasikia kikohozi nje. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na kwenye kizingiti alisimama Aidarus. Nilijiandaa kwa ugomvi, na nakiri niliutaka. Mtu yule alizaliwa ndani ya nyumba hiyo, alikua humo, na maisha yake yote aliingia humo bila ya kuvua hata kofia. Alikuwa mahkamani siku ile uliposomwa ushahidi wa Charo, na tangu hapo, nasikia, alikuwa hasemi na mtu. Alitazama chini, mguu wake ukaenda mbele kidogo, kisha akaurudisha.

"Hodi," akasema.

Khairiya aliweka karatasi yake mezani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Karibu, kakangu," akasema. "Pita ndani."